Ngoma ya Nyuki Chini ya Jua la Utosini

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho yako, unahitaji mzinga mwembamba wenye sega moja tu lililosimama wima, pande zake zote mbili zikiwa za kioo. Kaa karibu nao asubuhi ya jua wakati miti ya jirani imechanua. Haitapita muda utamwona nyuki mmoja akiingia mlangoni kwa haraka, apande kwenye sega hadi palipo na msongamano wa wenzake, amgawie mmoja wao mbochi mdomo kwa mdomo, kisha aanze kucheza. Anakwenda mbele kwa mstari ulionyooka, huku akitikisa kiuno kulia na kushoto mara 13 hadi 15 kwa kila sekunde na mabawa yakivuma. Mstari ukiisha anaacha kutikisa, anazunguka kwa kulia na kurudi alipoanzia. Anakwenda tena mstari uleule, anatikisa tena, na safari hii anarudi kwa kushoto. Anarudia hivyo mara tano, mara ishirini, wakati mwingine mara mia. Wenzake kadhaa wanamfuata kwa karibu, vipapasio vyao vikimgusa ubavuni na kiunoni. Kisha mmoja mmoja wanatoka nje ya mzinga na kuruka kuelekea upande ambao mchezaji ametoka.

Mtu aliyeufumbua mchezo huu ni Karl von Frisch, mwanasayansi aliyezaliwa Vienna mwaka 1886 na kufanya kazi zaidi mjini Munich, Ujerumani. Alianza kuutazama tangu miaka ya 1920, na kwa zaidi ya miaka 20 alishikilia maelezo ambayo hayakuwa sahihi. Aliona michezo ya aina mbili: mmoja wa kuzunguka duara bila mstari wa kutikisa, na mwingine huu wa kutikisa kiuno. Akasema wa duara ni wa nyuki walioleta mbochi na wa kutikisa ni wa walioleta chavua. Kosa lilikuwa kwenye umbali. Sahani zake za maji ya sukari alikuwa akiziweka karibu na mzinga, na chavua nyuki waliitoa wenyewe mbali mashambani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Munich ikipigwa mabomu, alihamia Brunnwinkl kando ya ziwa Wolfgang huko Austria. Mwaka 1944 aliisogeza sahani mbali, na nyuki walewale wa maji ya sukari wakaanza kutikisa kiuno. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mchezo unasema mahali, wala si aina ya chakula. Baadaye aligundua kwamba unasema upande na umbali pia. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Niko Tinbergen.

Kanuni ya upande inaeleweka kwa urahisi, ila inataka utulivu kidogo. Sega limesimama wima na ndani ya mzinga wa kawaida ni giza totoro, kwa hiyo jua halionekani. Nyuki anachukua upande wa juu wa sega na kuufanya ndio upande wa jua. Maua yakiwa upande uleule wa jua, mstari wake unapanda moja kwa moja juu. Yakiwa upande wa pili kabisa, jua likiwa mgongoni, mstari unashuka moja kwa moja chini. Yakiwa nyuzi 45 kulia kwa jua, mstari unainama nyuzi 45 kulia kwa wima. Pembe ile aliyoiona nje kati ya jua na safari yake ndiyo anayoiweka ndani kati ya wima na mstari wake. Wafuasi wake nao wanajua juu ni wapi kwa kuhisi uzito wa miili yao. Wakitoka nje wanaigeuza pembe hiyo irudi kuwa pembe ya jua.

Mpaka hapa ndipo vitabu vingi vinapoishia, kwa sababu vimeandikwa na watu wa nchi ambako jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua lina tabia nyingine, na mchezo wa nyuki unabadilika pamoja nalo. Hili ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini.

Tuchukue mzinga ulioko Nanyuki, mji wa Kenya ambao ikweta inaupitia. Tuseme mti wa mgunga umechanua kilomita moja kutoka mzingani, upande wa kusini mashariki, katikati kabisa ya mashariki na kusini. Siku ni tarehe 21 Machi. Siku za tarehe hiyo, mtu aliyeko kwenye ikweta huliona jua likichomoza mashariki kamili, halafu likipanda wima kama linavutwa kwa kamba hadi utosini, bila kuinama kaskazini wala kusini. Saa mbili liko mashariki, saa nne liko mashariki, saa tano na nusu bado liko mashariki, ila limepanda tu. Mti wetu uko nyuzi 45 kulia kwa mashariki. Basi nyuki anayetoka kwenye mgunga huo atacheza mstari ulioinama nyuzi 45 kulia kwa wima, na asubuhi yote hautasogea. Atakayecheza saa mbili na atakayecheza saa tano watakuwa na mstari mmoja.

Halafu jua linafika utosini. Nanyuki hufika huko saa saba kasoro dakika ishirini hivi za mchana, kwa saa ya Kenya. Likishapita, ghafla liko magharibi kamili. Mti haujasogea, lakini sasa unahesabiwa kutoka magharibi, nao uko nyuzi 135 kushoto kwa jua. Mstari wa nyuki unaangukia chini kushoto. Ukiuchora kwenye karatasi utaona ni mstari uleule wa asubuhi, ila sasa unakimbiwa kinyume: asubuhi ulikuwa unapanda kulia, mchana unashuka kushoto. Mgeuko huo wa nusu duara nzima unatokea ndani ya dakika chache.

Katikati ya mgeuko huo kuna tatizo la kweli. Jua likiwa utosini halina upande. Huwezi kusema maua yako kulia au kushoto kwa kitu kilicho juu ya kichwa chako. Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alikwenda Sri Lanka katikati ya miaka ya 1950 kulitazama jambo hili, na akaona kwamba jua likikaribia sana utosini, michezo hupoteza mwelekeo na nyuki wengi hupunguza safari mpaka jua lipite. Kwa kuwa jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, hali hiyo haidumu sana, ni dakika kama kumi kabla na kumi baada. Na haiko kila siku. Nanyuki inatokea karibu na Machi 21 na tena karibu na Septemba 23. Dar es Salaam, iliyo nyuzi karibu saba kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba. Mfugaji nyuki anayeona mlango wa mzinga umetulia kwa muda mfupi saa za adhuhuri katika siku hizo asikimbilie kudhani kuna ugonjwa.

Sasa turudi kwenye mgunga wetu, lakini mwezi uwe Juni. Jua limehamia kaskazini. Saa tatu asubuhi kwa saa ya jua lenyewe, liko upande wa kaskazini mashariki, nyuzi 59 kutoka kaskazini kamili. Mti uko nyuzi 135 kutoka kaskazini kamili, kwa hiyo mstari wa mchezo unainama nyuzi 76 kulia, karibu ulale. Adhuhuri jua liko kaskazini kamili na mstari umeshaenda nyuzi 135. Desemba mambo yanapinduka: jua linapita kusini, na saa tatu ileile mstari uko nyuzi 14 tu kulia kwa wima, halafu adhuhuri unakuwa nyuzi 45 kushoto. Mti ni mmoja na mzinga ni mmoja, lakini Machi mstari unasimama asubuhi nzima, Juni unazunguka kwenda kulia, Desemba unazunguka kwenda kushoto.

Nyuki mchumaji haishi kuyaona yote hayo. Wakati wa kazi nyingi, maisha yake yote ni wiki tano au sita, na za kutoka nje kutafuta maua ni mbili au tatu za mwisho. Kila kizazi kinalazimika kujifunza upya jua la msimu wake linapitia wapi. Wanajifunza haraka sana, na hawaanzi bila chochote. Mwaka 1994 Fred Dyer na Jeffrey Dickinson wa Michigan, Marekani, walilea nyuki ambao waliruhusiwa kutoka nje jioni tu, wasilione kabisa jua la asubuhi. Kisha wakawaachia asubuhi ya siku yenye mawingu mazito. Nyuki hao walicheza kana kwamba jua la asubuhi liko upande ulio kinyume kabisa na lile la jioni, na kwamba litavuka ghafla ifikapo adhuhuri. Yaani nyuki huzaliwa na picha ya jua linalokaa upande mmoja asubuhi yote na kuhamia upande wa pili mchana, halafu uzoefu unairekebisha picha hiyo ifanane na jua la kwao. Michigan picha hiyo si sahihi hata siku moja ya mwaka. Nanyuki, mwezi Machi, ni sahihi kabisa. Sidai kwamba hiyo inathibitisha nyuki walitoka wapi, lakini sijawahi kukutana na jambo la jua na mdudu lililonishangaza zaidi ya hili.

Msomaji anaweza kuuliza: na siku ya mawingu je? Kipande kidogo cha anga la samawati kikionekana, kinatosha. Mwanga wa anga umepangika kwa namna inayotegemea jua lilipo. Jicho la mwanadamu halioni mpangilio huo, la nyuki linauona, na kutokana nao anajua jua liko wapi hata kama limefichwa na mlima au wingu. Anga likizibwa lote, nyuki mzoefu hutumia kumbukumbu: anajua ule msitu au ule mto uko upande gani wa jua saa kama hii, na hucheza kwa hesabu hiyo.

Umbali nao unasemwa na urefu wa muda wa kutikisa. Kwa kukadiria, sekunde moja ya kutikisa ni kama kilomita moja. Maua yakiwa karibu sana, mita kama 50 au chini ya hapo, muda wa kutikisa unakuwa mfupi mno kiasi kwamba jicho linaona duara tu, na huo ndio ule mchezo wa duara uliompotosha von Frisch. Kadirio la sekunde kwa kilomita linatofautiana kati ya aina moja ya nyuki na nyingine, kwa hiyo mtu asichukue hesabu ya nyuki wa Ujerumani akaitumia Tabora bila kuipima.

Nyuki anajuaje amesafiri kiasi gani? Kwa muda mrefu ilidhaniwa anapima nguvu alizotumia. Mandyam Srinivasan na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba anapima kwa macho. Walitengeneza njia nyembamba iliyozibwa pande zote, urefu wake kama mita sita, kuta zake zikiwa na madoadoa meusi na meupe, na sukari ikawekwa mwisho wake. Kwa kuwa kuta zilikuwa karibu sana, madoadoa yalimpita nyuki kwa kasi kubwa machoni. Alipofika nyumbani alicheza kana kwamba ametoka karibu mita 200. Walipobadilisha madoadoa wakachora mistari inayofuata urefu wa njia, ambayo haimpi jicho kitu cha kupita, nyuki alicheza kama aliyetoka hapo mlangoni. Ndiyo maana nyuki aliyekatisha juu ya maji tulivu huhesabu umbali mdogo kuliko aliyepita juu ya vichaka: majini hakuna mengi ya kupita machoni mwake. Na ndiyo maana wafuasi hawapotei sana, kwa sababu wataruka njia ileile na kuona vitu vilevile, kwa hiyo hesabu yao itafanana na ya aliyewatuma.

Inafaa pia kusema wafuasi wanayapataje haya gizani. Hawaoni chochote. Wanausikia mtikiso wa sega miguuni, wanahisi upepo wa mabawa, na vipapasio vyao vinapigwa na kiuno cha mchezaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba namna vipapasio vya mfuasi vinavyokunjwa hutegemea amesimama upande gani wa mchezaji. Aliyesimama nyuma kabisa vipapasio vyake viwili hukaa sawa. Aliyesimama ubavuni kimoja hukunjwa zaidi. Kwa kujua mwili wake mwenyewe umeinamaje na vipapasio vimekunjwaje, anaweza kupata mstari wa mwenzake bila kuuona.

Lakini ujumbe huu si mkali kama ramani. Mchezaji mmoja akirudia mstari wake mara kumi, mistari hiyo haifanani kabisa. Hupishana kwa nyuzi kadhaa, hasa maua yakiwa karibu. Mfuasi hukaa naye kwa mizunguko kadhaa ili apate wastani. Hata hivyo kosa la nyuzi kumi tu, kwa mgunga wetu wa kilomita moja, linamfikisha mita 170 pembeni ya mti. Hapo kazi inabaki kwa pua. Mchezaji alikuja na harufu ya maua mwilini, na mbochi aliogawa una ladha na harufu hiyohiyo. Mfuasi akifika eneo, anazungukazunguka akitafuta harufu aliyoipata gizani. Wengi hukosa mara ya kwanza, hurudi mzingani, hufuata mchezo tena na kutoka tena.

Hilo la harufu lilizua mabishano makubwa. Mwaka 1967 Adrian Wenner na wenzake huko California walidai kwamba harufu peke yake inatosha kueleza kila kitu, na kwamba mchezo upo lakini hakuna anayeusoma. Dai hilo halikuwa la kipuuzi. Majaribio mengi ya awali hayakuwa yameziba mlango wa harufu ipasavyo, na ni kweli kwamba nyuki mwenye uzoefu mara nyingi hufuata mchezo kwa muda mfupi, akanusa harufu anayoijua, kisha akarudi kwenye maua yake mwenyewe ya siku zilizopita bila kujali mstari unaelekea wapi. Kumwona nyuki akifuata mchezo hakuonyeshi kwamba ametii.

Jibu lililonyooka kuliko yote lilikuja mwaka 2005 kutoka Rothamsted, Uingereza. Watafiti waliweka sahani isiyo na harufu, wakasubiri nyuki wafuate mchezo uliotaja sahani hiyo, wakawakamata wakati wanatoka mlangoni na kuwabandika mgongoni kifaa kidogo sana kinachorudisha mawimbi ya rada. Waliowaachia hapohapo mzingani waliruka moja kwa moja upande uliotajwa, kisha wakaanza kuzungukazunguka karibu na umbali uliotajwa. Wengine walipelekwa kwanza mahali pengine, hadi mita 250 kutoka mzingani, ndipo wakaachiwa. Hao nao waliruka upande uleule na umbali uleule kama walivyoambiwa, wakafika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kama wangeongozwa na harufu wasingekwenda huko. Jaribio hilohilo linaonyesha pia mipaka ya mchezo, maana kwa kukosa harufu ni wachache sana walioifikia sahani yenyewe. Kwa maoni yangu swali limefungwa: mchezo unasomwa na kutiiwa, na harufu inamalizia mita za mwisho.

Faida yake kwa mzinga hutegemea maua yamekaaje porini. Anna Dornhaus na Lars Chittka walilaza masega ili wachezaji wasiwe na wima wa kutumia, michezo ikavurugika. Katika nchi za Ulaya walikofanya jaribio hilo, mizinga haikupoteza sana. Katika msitu wa India hasara ilikuwa kubwa. Sababu ni kwamba mashamba ya Ulaya yana maua yaliyosambaa kila mahali, na nyuki akitoka bila kuelekezwa atapata tu. Msitu wa joto una mti mmoja uliochanua hapa na mwingine mbali kule, kwa siku chache, na baada ya hapo hakuna kitu. Ndivyo ilivyo kwa misitu yetu ya miyombo ya Tabora na Katavi wakati mtundu na miyombo inapochanua. Hapo kuambiwa upande na umbali ni tofauti kati ya kujaza masega na kurudi mikono mitupu.

Wala si kila mchumaji anayecheza. Anayerudi na mbochi mwepesi hunyamaza. Mwenye mbochi mtamu hucheza mizunguko mingi, na kati ya mstari mmoja na mwingine hurudi kwa kasi zaidi, hivyo wafuasi wengi hukutana na mstari wake. Thomas Seeley, aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Cornell, aligundua kwamba mchumaji huangalia pia anapokewa vipi. Akipata mpokeaji wa kumkabidhi mzigo ndani ya sekunde kama 20, anajua mzinga una nafasi, anacheza. Akizunguka karibu dakika nzima bila kupata wa kumpokea, haiti wachumaji wengine. Hucheza mchezo mwingine wa kutetemeka unaowavuta nyuki wa ndani waje kupokea mizigo. Mzinga ambao masega yake yamejaa, kwa hiyo, utakuwa na wachezaji wachache hata maua yakiwa tele.

Na mchezo wenyewe unahitaji walimu. Mwaka 2023 Shihao Dong, Ken Tan, James Nieh na wenzao walichapisha matokeo ya mizinga iliyoundwa kwa nyuki wachanga peke yao, wasiokuwa na wakubwa wa kufuata. Nyuki hao walipofikia umri wa kutoka nje walicheza, lakini mistari yao ilikuwa ovyo na umbali waliousema ulikuwa na makosa. Siku zilivyopita wakasahihisha upande. Umbali hawakuusahihisha maisha yao yote. Wale waliowahi kuwafuata wakubwa kabla ya kucheza hawakuwa na shida hiyo. Kwa hiyo mfugaji anapogawa kundi, afadhali ahakikishe upande mpya umepata nyuki wa kila umri, wakiwemo wachumaji, asiuachie wachanga watupu.

Anayetaka kusoma mchezo mwenyewe hahitaji maabara. Apate mzinga wa kioo wenye sega moja, kivuli kwenye kioo, uzi wenye kijiwe mwisho wake unaoning'inia mbele ya kioo kuonyesha wima, kipimapembe cha shuleni, dira, na saa ya simu. Apige video ya mchezaji mmoja, apime pembe ya mistari kumi kutoka kwenye uzi na kuchukua wastani, apime na muda wa kutikisa kwa kila mstari. Nje, apime kwa dira jua liko upande gani dakika hiyohiyo. Ajumlishe pembe na upande wa jua, atapata upande wa maua. Kwa umbali, aanze kwa kuweka sahani ya maji ya sukari mahali anapopajua, tuseme mita 500, awazoeshe nyuki kidogokidogo mpaka wafike hapo, kisha apime wanatikisa kwa muda gani. Hicho ndicho kipimo cha nyuki wa kwake. Na kama yuko karibu na ikweta, asipime karibu na adhuhuri mwezi Machi au Septemba. Asubisi hadi saa tisa, jua limeshuka kiasi cha kuwa na upande.